Barua Niliyoiandika Mara Mbili

Mwanangu wa kwanza ana umri wa miaka 15 na yuko kidato cha pili. Jumatano moja alirejea nyumbani saa 3:10 usiku, ilhali siku zote huwa amekwishaoga na kukaa kitako kabla ya saa 12:30. Nimeombwa na baadhi ya wazazi wenzangu wa mtaani, waliosikia habari ile na kuona yaliyofuata, niyaandike. Nimekubali, ingawa katika kisa hiki mimi mwenyewe sikutoka msafi.

Tunakaa Mbagala. Mwanangu akitoka shule hupitia tuisheni ya hisabati Mtoni Mtongani, nayo humalizika saa 11:00 jioni. Hapo hushuka kituoni, akapanda daladala ya kurudi Rangi Tatu, kisha akatembea kwa miguu hadi nyumbani. Si mwendo mrefu. Siku ile adhana ya Magharibi ilipoadhiniwa hakuwa amefika, na mama yake akasema labda foleni. Ilipofika Isha nilishindwa kukaa msikitini baada ya swala. Nilikwenda kituoni nikasimama nikitazama kila gari linaloshusha abiria. Nikawauliza vijana wa bodaboda kama kuna ajali waliyoisikia Barabara ya Kilwa. Niliporudi nyumbani nilimkuta mkewangu amesimama mlangoni, khanga mabegani, hasemi neno.

Saa 3:10 mtoto akasukuma geti. Alikuwa mzima, viatu vina vumbi, begi mgongoni. Nilikwishavua mkanda. Mama yake akaja katikati yetu na kusema kwa sauti ya chini: "Baba watoto, ameshafika. La kupiga lina kesho." Mkanda ukabaki mkononi, mtoto akapita kwenda chumbani bila ya kula.

Usiku ule sikulala. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti wetu, na kazi ya katibu ni kuandika. Jambo likinishinda mdomoni hulipeleka kwenye karatasi. Nikaandika ukurasa mzima. Nilimkumbusha ada ya shule, nikamkumbusha jinsi mimi nilivyokuwa katika umri wake, nikamtajia watoto wa majirani walioharibikiwa, na nikamaliza hivi: "Nyumba hii ina heshima yake. Ukirudi tena usiku, utalala huko huko utokako."

Baada ya swala ya Alfajiri nilimsomea mama yake. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Na akilala huko utokako, wewe utalala?"

Swali lile liliivunja barua yote. Kilichonikimbiza kituoni usiku ni hofu ya mwanangu kuwa nje gizani, na adhabu niliyoiandika ilikuwa ni kumweka nje gizani. Tena nilijua sitaitekeleza. Siku atakayorudi saa 4 nitafungua mlango, naye atajua kwamba neno la baba yake ni kelele tu. Tena ukurasa mzima haukuwa na saa. Nilimwambia asichelewe, lakini asichelewe nini? Kikao chetu cha kamati kikipitisha azimio lisilosema nani atafanya nini na lini, mimi ndiye huwa wa kwanza kulipinga. Kwa mwanangu nilikuwa nimeandika azimio la namna hiyo hiyo, kisha nikaambatanisha vitisho.

Nikaichana. Kabla ya kuandika nyingine niliona ni haki nimsikilize kwanza, maana usiku ule hakuna aliyemuuliza chochote. Tukakaa barazani, nikampa chai, nikamwambia anieleze mchana wake saa kwa saa, na kwamba sitamkatiza.

Habari ilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, kituoni Mtongani. Kila mkazi wa jiji hili anaijua. Mwanafunzi mwenye sare hulipa nauli ndogo kuliko ya mtu mzima, na jioni wakati abiria ni wengi makondakta huona ni hasara kumbeba. Gari la kwanza lilimpita, la pili kondakta akamzuia mlangoni kwa mkono, la tatu lilijaa. Alipata gari saa 12:40, na kwa foleni ilivyokuwa alishuka Rangi Tatu saa 1 na dakika kadhaa usiku. Hapo mtoto hakuwa na kosa, na lau angekuja moja kwa moja nyumbani nadhani hata mimi ningelielewa hilo, japo baada ya kupaza sauti.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonifunza. Aliposhuka alimkuta mwenzake, wakaenda kibanda umiza kutazama mpira wa saa 1. Alikaa hadi kipenga cha mwisho. Nikamuuliza, kwa nini hukuja nyumbani angalau wakati wa mapumziko? Akatazama kikombe chake, akasema: "Baba, nilikuwa nimeshachelewa. Nilijua nitapigwa tu. Nikaona bora nimalize mpira."

Nimeyarudia maneno yale moyoni mara nyingi. Mtoto huyu alipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi kwa kanuni niliyomwekea mimi. Iwapo malipo ya kuchelewa dakika 40 na malipo ya kuchelewa saa 3 ni mkanda ule ule, basi baada ya dakika ya kwanza ya kuchelewa hakuna kinachomvuta nyumbani. Kanuni yangu ilimhimiza kuwahi mpaka pale alipochelewa, na kuanzia hapo ikamhimiza kukaa mbali. Wala yeye hakuwa na njia ya kunitaarifu. Simu shuleni ni marufuku. Nilimwuliza, huwezi kuazima simu ya mtu? Akanijibu kwamba namba yangu haijui kwa moyo, maana imehifadhiwa kwenye simu ya mama yake kwa jina la "Baba".

Kulikuwa na jambo jingine nililolazimika kulirekebisha. Siku zote nilikuwa nikimwambia "uwe umerudi kabla ya Magharibi." Ni maneno mazuri, na yana asili yake, Mtume (s.a.w.) ametuusia kuwazuia watoto majumbani giza linapoanza kuingia. Lakini mwaka mzima hapa Dar es Salaam Magharibi haiko mahali pamoja. Mwezi wa Juni jua huzama yapata saa 12:15, na mwezi wa Februari huchelewa hadi karibu saa 12:48. Tofauti hiyo ni zaidi ya nusu saa. Mtoto wa tuisheni, anayetoka saa ile ile kila siku, huonekana mtiifu Februari na mkaidi Juni, ilhali hajabadilisha chochote. Nikaamua kumpa saa ya ukutani, na Magharibi ibaki kuwa swala yake.

Nilipokaa kuandika tena, nilikumbuka darasa moja la chuoni. Mwalimu wetu wa lugha alitusimamisha kwenye neno ambalo Luqman analitumia kumwita mwanawe katika sura ya 31: bunayya. Si neno la kawaida la "mwanangu", bali ni umbo la udogo, la kumbembeleza, kama mtu amwitaye mtoto aliyempakata. Nabii Yaaqub alimwita Yusuf kwa neno hilo alipomkataza kuwasimulia nduguze ndoto yake. Nabii Nuh alimwita nalo mwanawe aliyekuwa amejitenga, maji yakiwa yanapanda. Wote watatu walikuwa na neno zito la kusema, na hakuna aliyelipunguza uzito. Ila waliliweka nyuma ya wito wa mapenzi. Nikaona kwamba si lazima nichague kati ya kumpenda mwanangu na kumwekea mpaka. Nikaanza kwa wito ule.

Barua yenyewe ni hii, kama ilivyo:

"Mwanangu mpenzi,

Jumatano usiku nilisimama kituoni saa nzima nikitazama nyuso za watu wanaoshuka. Sijawahi kuogopa hivyo tangu siku ulipougua degedege ukiwa na miaka miwili. Hasira uliyoiona mlangoni ilikuwa ni ile hofu, imevaa nguo nyingine. Nimekosea kukupokea na mkanda kabla ya kukuuliza, na naomba unisamehe. Kuchelewa kwako lakini bado ni kosa, na kuanzia leo utaratibu wetu ni huu.

Tuisheni inaisha saa 11:00. Saa 11:10 uwe kituoni. Saa 12:30 uwe ndani ya geti letu, Juni na Februari, mvua na jua.

Katika kurasa za mwisho za daftari lako la hisabati nimebandika noti ya shilingi 1,000. Ikifika saa 11:45 na makondakta bado wanakukataa, lipa nauli ya mtu mzima upande. Fedha hiyo ni ya kukurudisha nyumbani tu. Ukiitumia kwa safari, niambie siku hiyo hiyo, nitairudisha bila ya swali.

Ukiona hutafika saa 12:30, nenda kwa yule wakala wa fedha aliye karibu na kituo. Nimezungumza naye, atakupa simu. Namba yangu na ya mama yako utazihifadhi kwa moyo, na Ijumaa nitakusikiliza kama ninavyokusikiliza sura. Ukitaarifu, na sababu ikawa ya kweli, huna kosa.

Ukipita saa 12:30 bila ya taarifa, Jumamosi inayofuata hutakwenda uwanjani. Moja kwa moja, bila ya kelele wala mkanda. Ukipita saa 1:30 usiku bila ya taarifa, ni Jumamosi mbili. Kwa hiyo ukishachelewa, kila dakika unayokuja mapema ina faida kwako.

Giza likikukuta Rangi Tatu, usipite peke yako ile njia ya nyuma ya ukuta. Simama dukani penye taa, nipigie, nitakuja kwa miguu yangu.

Mechi ukiitaka, niombe siku moja kabla. Nitakuruhusu au nitakukatalia, lakini nitakujibu. Tukikubaliana, utaitazama kwa baba yako mdogo, naye atakuleta.

Na hili ndilo kubwa: iwe saa ngapi, iwe umefanya nini, njoo nyumbani. Mlango huu hautafungwa mbele yako. Hakuna atakayekupiga mlangoni. Utakula, utalala, na tutazungumza asubuhi.

Wewe ni amana kwangu. Sikuwekei saa kwa sababu sikuamini. Nakuwekea kwa sababu ikifika saa hiyo hujaonekana, nijue kwamba kuna jambo na nianze kukutafuta.

Ni mimi baba yako."

Nilimpa mkononi, sikumsomea. Kijana wa miaka 15 akisomewa na baba yake hutazama chini na kusubiri iishe. Akiachiwa karatasi huisoma mara mbili. Jioni aliniletea masharti mawili yake. La kwanza, kwamba mwezi wa mitihani tuisheni huongezwa hadi saa 11:45, hivyo saa 12:30 haitawezekana. Alikuwa na haki. Tukaandika kwamba mwezi huo itakuwa saa 1:15 na mimi nitampokea kituoni. La pili alilisema akiwa amesimama upande wa mlango, tayari kukimbia. "Na wewe Baba? Siku za kikao unarudi saa 4 na Mama hajui uko wapi."

Ndugu msomaji, nilitaka kumwambia kwamba mimi ni mtu mzima na kile ni kikao cha msikiti. Vyote viwili ni kweli. Lakini nilimtazama mama yake, naye aliinamia mchele aliokuwa akiuchambua kama mtu asiyesikia, na nikafahamu kwamba swali lile halikuwa la mtoto peke yake. Nikachukua kalamu, nikaongeza mstari: "Baba siku ya kikao atarudi saa 3:30. Akizidisha, atapiga simu." Tukaibandika karatasi nyuma ya mlango wa sebuleni.

Wiki ya kwanza hakuchelewa hata siku moja. Wiki ya pili, Jumanne, simu yangu ikaita kwa namba nisiyoijua. "Shikamoo Baba. Niko kwa wakala. Magari yamenikataa, nalipa ile hela, lakini foleni kubwa." Alifika saa 12:55. Nilimwambia tu, "Umefanya vyema kupiga," na nikabandika noti nyingine daftarini. Mama yake alimpakulia chakula kama siku zote. Nadhani jioni ile ndipo alipoiamini karatasi. Aliona kwamba upande wenye faida kwake nao unatekelezwa.

Mtihani wangu ulikuja wiki ya nne. Alhamisi alifika saa 1:10, hakupiga simu, na alipoulizwa akasema kweli: walikaa kituoni wakipiga soga na wenzake, magari mawili yakaondoka yakiwa na nafasi. Jumamosi yake ilikuwa fainali ya kombe la mtaa, naye ndiye mlinda mlango wa timu yao. Ijumaa nahodha wao, kijana mwenye adabu, alinifuata baada ya swala akiniombea ruhusa. Jirani mmoja akanitania: "Katibu, huyo ni mwanamume, si binti. Mwachie." Nilimjibu kwamba gari likiacha njia halichagui binti na mwanamume, na wauza bangi wa mtaani kwetu nao hawachagui, wanaangalia tu ni nani hana mtu anayemsubiri.

Nitasema kweli: nilitamani sana kumsamehe. Nilijiambia kwamba dakika 40 si nyingi na kwamba fainali haiji kila wiki. Lakini lau ningelegeza, karatasi nzima ingelegea, pamoja na ule mstari usemao mlango hautafungwa. Iwapo baba havunji ahadi ngumu, mtoto anayo sababu ya kuamini zile nyepesi. Hakwenda. Timu yake ilifungwa mabao 2. Mimi nilifuta safari yangu ya Kariakoo siku hiyo, nikabaki naye. Tulipaka rangi ukuta wa uani bila ya kuzungumza hadi mchana, na makelele ya uwanjani tukiyasikia sote wawili. Mchana alikula kidogo. Jioni aliniuliza kama rangi iliyobaki inatosha mlango wa choo.

Tangu hapo zimepita wiki kadhaa. Amechelewa mara mbili, na mara zote mbili alipiga simu. Sisemi kwamba karatasi hii inamfaa kila mtoto. Mwenye kijana ambaye kuchelewa kwake kunatokana na ulevi au kundi baya ana jambo kubwa kuliko saa ya kurudi, na huyo namshauri asibaki peke yake nalo. Ashirikiane na walimu na wazee. Dalili ya kutazama ni hii: mtoto mwenye tatizo la usafiri huchelewa kwa dakika zinazofanana na hueleza kwa majina ya vituo, mwenye tatizo jingine saa zake hazina mpangilio, na maelezo yake hubadilika ukimwuliza mara ya pili.

Jumapili iliyopita kikao chetu kilirefuka kwa sababu ya hesabu za ukarabati wa paa. Nilitazama saa, ilikuwa 3:35. Nikawaomba radhi wajumbe, nikatoka nje ya ofisi, nikapiga simu ya mama yake. Akapokea mwanangu. "Baba, umepitisha dakika 5," akasema, kisha akauliza kama ningependa aje kunipokea kituoni.

Wabillahi tawfiq.